Mkubwa Nani Kati ya "Assistant" na "Associate"?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lina majina matatu ya kazi yanayowachanganya waombaji wengi. Yote ni ya idara moja, ile inayoshughulikia ulinzi na haki za wakimbizi, na yanaweza kukutwa kwenye matangazo ya ofisi zinazohudumia kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma au Kakuma kaskazini mwa Kenya. La kwanza ni "Protection Associate". La pili ni "Assistant Protection Officer". La tatu ni "Associate Protection Officer".

Mwombaji asiyeyazoea atayapanga kwa kusikiliza tu. "Assistant" ni msaidizi, kwa hiyo ataliweka chini. "Associate" linasikika kama mtu aliyeshapanda kidogo, kwa hiyo hayo mawili yatakuwa karibu karibu. Mpangilio huo si sahihi. Kwa ngazi za shirika hilo, "Protection Associate" ndiye wa chini kuliko wote watatu, anayefuata ni "Assistant Protection Officer", na juu yao ni "Associate Protection Officer". Yaani aliyeitwa msaidizi yuko juu ya "Associate" mmoja na chini ya "Associate" mwingine.

Kinachoamua ni mahali neno lilipokaa. Likija mwishoni, likiwa peke yake, "Associate" ndilo jina lenyewe la kazi, na kazi hiyo iko kwenye kundi la watumishi wa huduma za ofisi. Kundi hilo hupangwa kwa herufi G na namba, na "Associate" wa UNHCR kwa kawaida huwa G6. Chini yake wapo "Senior Assistant" wa G5 na "Assistant" wa G4. Lakini neno hilohilo likitangulia "Officer", linakuwa kivumishi tu. Jina la kazi ni "Officer", na neno la mbele linaeleza huyo ofisa amefika wapi. Maofisa wako kwenye kundi jingine kabisa, la wataalamu. Wazawa wa nchi husika hupewa herufi NO, na wanaoajiriwa kimataifa herufi P. Ndani ya kundi hilo "Assistant" ndiye anayeanza, "Associate" anafuata, kisha anakuja "Officer" asiye na kivumishi chochote, halafu "Senior".

Anayejua hilo huanza kusoma jina la kazi kutoka mwisho. Neno la mwisho humwambia ni kundi gani, na la mbele humwambia ni ngazi gani ndani ya kundi hilo.

Inashangaza kidogo kwamba miaka ya uzoefu haisaidii sana kuyatofautisha. Matangazo ya UNHCR ya nafasi ya G6 yamekuwa yakidai miaka 3 ya uzoefu kwa mwenye cheti cha sekondari, au miaka 2 kwa mwenye shahada. Nafasi ya ofisa anayeanza, NOA, imekuwa ikidai mwaka 1 kwa mwenye shahada ya kwanza. Ofisa wa NOB, ambaye ndiye "Associate Protection Officer" mzawa, hudaiwa miaka 3 kwa shahada ya kwanza au miaka 2 kwa shahada ya uzamili. Mtu akiangalia tarakimu peke yake, G6 na NOB zitaonekana ndugu, na NOA itaonekana mdogo wao. Tofauti kubwa iko kwenye elimu: G6 inaweza kuombwa bila shahada, wakati ofisa hana njia ya kuikwepa.

Sasa tuchukue mfano wa mwombaji mmoja wa kufikirika. Ana shahada ya sheria na amefanya kazi miaka 3 kambini, kwenye asasi inayotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi. Kwa vigezo vya elimu na miaka anafaa kuomba "Protection Associate", na anafaa pia kuomba "Associate Protection Officer". Amefanya kazi moja, mahali pamoja, na kila alichokifanya ni cha kweli. Swali ni nini kati ya hivyo kikae juu kwenye wasifu wake.

Anayechuja maombi ya G6 anamtafuta mtu ambaye mafaili yatakuwa salama mikononi mwake. Anataka kuona watu waliopokelewa, mahojiano yaliyofanyika, takwimu zilizoingizwa bila makosa, mashauri yaliyofuatiliwa hadi kufungwa. Kwa nafasi hiyo mstari wa kwanza wa wasifu unaweza kusomeka hivi: "Nilihudumia watu wapatao 15 kwa siku kwenye dawati la msaada wa kisheria, nikafungua jalada la kila shauri, nikalipeleka kwa mhusika na kufuatilia hadi likafungwa." Mstari huo una wingi wa kazi, una hatua, na una mwisho. Msomaji akiumaliza, anajua huyu mtu asubuhi alikuwa anafanya nini.

Anayechuja maombi ya NOB anauliza jambo jingine: dawati hilo liliendeshwa kwa utaratibu wa nani? Anamtafuta mtu aliyekwisha kuamua, aliyekwisha kuelekeza wengine, aliyekaa kwenye kikao na maofisa wa serikali na kueleza tatizo pamoja na njia ya kulitatua. Kwa hiyo mstari wa kwanza unabadilika: "Niliandaa utaratibu wa kupeleka mashauri ya ukatili wa kijinsia kutoka dawatini hadi polisi na kituo cha afya cha kambi, nikawafundisha wasaidizi 4 kuutumia, na nikaandika taarifa ya kila robo mwaka iliyojadiliwa kwenye kikao cha uratibu." Idadi ya watu wa kila siku haifutwi. Inashuka mistari miwili au mitatu chini, ikawa ushahidi kwamba utaratibu huo ulifanya kazi.

Kosa linalowaangusha wengi ni kupeleka wasifu uleule kote kuwili. Ukijaa mikakati, ushauri na uratibu, mchujaji wa G6 haoni mtu wa kukaa na majalada, na anahisi huyu atachoka baada ya miezi michache. Ukijaa fomu na majalada, mchujaji wa NOB anaona msaidizi hodari, anampenda, na anaendelea na ombi linalofuata. Hakuna aliyemwonea mwombaji. Kila mmoja amesoma alichoandikiwa.

Mfano huo unabana upande mmoja pia, na ni vizuri usemwe wazi. Kama mwombaji wetu hakuwahi kuandaa utaratibu wowote, hakuwahi kufundisha mtu, na taarifa zote ziliandikwa na bosi wake, basi mstari wa NOB hauwezi kupatikana kwa kupamba maneno. Wadhamini hupigiwa simu, na swali rahisi kama "yeye alifanya nini hasa kwenye utaratibu huo?" huutenganisha ukweli na mapambo. Miaka 3 anayo, lakini ngazi bado hajaifikia, na nafasi ya kuomba ni G6 au NOA.

Serikalini mambo yana sura nyingine. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania huandikwa mara nyingi kwa Kiswahili, na ngazi imewekwa waziwazi kwa daraja. Hata hivyo, namba za madaraja zinaenda kinyume na vile wengi wanavyotarajia. Afisa Daraja la II yuko chini ya Afisa Daraja la I. Anaanza na la II, anapanda la I, kisha anakuwa Mwandamizi, kisha Mkuu. Kwa hiyo tangazo linalosema "Daraja la II" kwa kazi inayodai shahada kwa kawaida linamlenga mhitimu anayeingia kazini, na wasifu wa kurasa 5 uliojaa uongozi hauongezi kitu pale. Kinachotafutwa ni cheti sahihi cha fani iliyotajwa, usajili wa bodi ya taaluma kama umedaiwa, na nyaraka kamili.

Namba hizo huleta madhara siku mtumishi anapotaka kutoka. Afisa wa Daraja la I akiomba kazi kwenye shirika la kigeni, msomaji wa Nairobi au Geneva anaweza kudhani ndiyo kwanza anaanza, kwa sababu kwenye mifumo mingi namba ndogo ni ngazi ndogo. Hapo hatakiwi kubadili jina la cheo chake, maana barua ya mwajiri italitaja kama lilivyo. Anaongeza maneno machache tu mbele ya cheo: "ngazi ya pili ya afisa, baada ya kupandishwa kutoka Daraja la II", pamoja na mwaka aliopandishwa. Mstari huo mfupi humwokoa asisomwe vibaya.

Kisha kuna neno "Executive", ambalo ndilo lenye safari ndefu kuliko yote. Katika serikali za mitaa za Tanzania linaanzia chini kabisa na kufika juu. Mtendaji wa Kijiji kwa Kiingereza ni "Village Executive Officer", na Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya ni "District Executive Director". Huyu wa pili huteuliwa na Rais na nafasi yake haitangazwi. Wa kwanza hutangazwa na halmashauri, Daraja la III, na sifa inayodaiwa ni kidato cha nne au cha sita pamoja na cheti cha fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka chuo kama kile cha Serikali za Mitaa cha Hombolo, Dodoma, au kingine kinachotambuliwa.

Ila asiyesoma majukumu ya tangazo hilo atateleza upande wa pili. Majukumu husema kwamba Mtendaji ni Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, ni katibu wa vikao vyake, na ndiye anayesimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Elimu inayodaiwa ni ya ngazi ya kuanzia, lakini dhamana ni ya mtu mzima. Mwombaji aliyewahi kuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, akaandika mihtasari ya vikao na kutunza daftari la michango, ana jambo la maana la kuandika hapa. Wengi huliacha kwa kuona si ajira. Kwa ngazi hii ndilo linaloonyesha kwamba ameshashika fedha za watu na kumbukumbu za watu.

Kwenye biashara, "Executive" huwa mtu tofauti kabisa. "Sales Executive" wa Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida ni muuzaji anayetembea kutafuta wateja, ana lengo la mauzo la mwezi, na sehemu ya kipato chake ni kamisheni. Anaripoti kwa "Sales Manager". Anayeenda Dubai au Muscat atakuta matangazo ya "HR Executive" na "Accounts Executive", na huko pia mara nyingi ni kazi ya ofisa wa kawaida mwenye uzoefu wa miaka michache. Juu yake huja "Senior Executive", kisha "Assistant Manager", kisha "Manager". Desturi hiyo inafanana na ya kampuni za India, na ndiyo maana inakutwa pia katika kampuni za Afrika Mashariki zenye asili hiyo. Marekani, kinyume chake, mtu akiitwa "executive" tu bila neno jingine, wanamaanisha kiongozi wa juu wa kampuni. Hata hivyo "Account Executive" wa hukohuko ni mtu wa mauzo.

Matokeo yake ni kwamba meneja mwenye miaka 12 kazini huomba "Sales Executive" akidhani amepata cheo cha juu, na wasifu wake unatupwa kwa sababu unaonekana wa gharama kubwa. Na kijana mwenye miaka 2 ya kuuza vifaa vya umeme Kariakoo, mwenye rekodi nzuri ya kufikia malengo, anapita tangazo hilohilo bila kuomba, kisa neno limemtisha. Nafasi ilikuwa yake. Wasifu wake ungehitaji mambo matatu tu kuonekana haraka: aliuza nini, lengo lilikuwa kiasi gani kwa mwezi, na alifika wapi.

"Associate" nalo lina tabia zake nje ya Umoja wa Mataifa. Kwenye kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu ni mhitimu anayeanza. Kwenye ofisi za mawakili ni wakili kamili ambaye bado si mbia. Walmart wa Marekani huwaita hivyo wafanyakazi wake wa madukani. Chuo kikuu ni habari nyingine tena: "Associate Professor" amebakiza ngazi moja tu kufika kileleni, na "Assistant Lecturer" ana shahada ya uzamili, yuko juu ya "Tutorial Assistant" aliyetoka kuhitimu shahada ya kwanza.

Neno pekee, basi, halitoshi. Tangazo lenyewe lina mistari inayolifafanua, na mstari wenye nguvu kuliko yote ni ule unaosema nafasi inaripoti kwa nani. Tuchukue "Finance Officer" wa aina mbili. Wa kwanza anaripoti kwa "Finance Manager", ambaye naye yuko chini ya mkurugenzi wa fedha. Huyo ni mtu wa katikati: anaandaa vocha, anasuluhisha hesabu za benki, anapeleka kazi juu ikaguliwe. Wa pili yuko kwenye asasi ndogo na anaripoti moja kwa moja kwa "Executive Director". Hakuna mtu wa fedha juu yake. Anaandaa bajeti, anakaa na wakaguzi wa nje, anawajibu wafadhili, na kosa lake halina wa kulikamata kabla halijafika mbali. Jina ni lilelile, lakini wa pili ndiye mkuu wa fedha wa asasi hiyo, na wasifu unaomfaa ni wa mtu aliyewahi kupita kwenye ukaguzi wa mwaka akiwa yeye ndiye anayejibu maswali.

Baada ya hapo msomaji aangalie kama kuna watu wanaoripoti kwa nafasi hiyo. Wakitajwa, hata mmoja, wasifu uonyeshe kwamba mwombaji amewahi kusimamia mtu: kumpangia kazi, kumfundisha, kumpima. Kisha avitazame vitenzi vya majukumu, kwani waandishi wa matangazo huvichagua kwa uzoefu wa muda mrefu. "Assist" na "support" vikijaa, mwenye uamuzi ni mtu mwingine. "Prepare", "process" na "maintain" vinamhusu mtu mwenye kazi yake mwenyewe. "Oversee", "approve" na "lead" ni vya anayebeba lawama. Tangazo lenye "Officer" kwenye kichwa na "assist" kwenye kila mstari wa majukumu ni kazi ya msaidizi iliyopewa jina zuri. Hilo hufanyika, hasa pale mwajiri anapokuwa na mshahara mdogo na anataka kuvutia watu, na mwombaji ana haki ya kuuliza kiwango cha malipo kabla hajaanza kufurahia cheo.

Kinachofuata ni kazi ya mezani. Mwombaji anachukua vitenzi vya tangazo na vitenzi vya wasifu wake na kuviweka karibu. Kama tangazo linasema "oversee" na wasifu wote umeandikwa kwa kusaidia na kushiriki, ajiulize kama kweli hakuwahi kusimamia jambo lolote au ni mazoea ya unyenyekevu wa kuandika. Wengi wana jambo hilo. Walikaimu nafasi ya bosi aliyekuwa likizo ya uzazi, waliendesha kituo cha mkoani bila msimamizi, walipokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Liandikwe kwa tarehe, kwa kiasi na kwa jina la aliyeagiza, ili mdhamini akipigiwa simu alikumbuke.

Kwa hiyo kabla ya kugusa wasifu, msomaji alichapishe tangazo, apige mstari chini ya neno la mwisho la jina la kazi, kisha chini ya sentensi inayosema nafasi inaripoti kwa nani. Kama baada ya hapo bado hajui ngazi ni ipi, apige simu au aandike barua pepe kwa idara ya rasilimali watu ya mwajiri na aulize nafasi hiyo iko daraja gani. Ni swali la kawaida kazini, na halimpunguzii mwombaji alama.